Thamani ya kampuni kwa mtiririko huru wa fedha

Thamani ya kampuni kwa mtiririko huru wa fedha ni njia ya kukadiria kampuni nzima ina thamani gani leo kwa kuhesabu fedha ambazo shughuli zake zitazalisha miaka ijayo. Fedha hizo hupunguzwa kulingana na muda wa kuzisubiri na hatari ya kutozipata, kisha hujumlishwa. Miaka michache ya kwanza hukadiriwa mmoja mmoja. Miaka yote inayofuata, ambayo hakuna anayeweza kuiona, huwekwa pamoja katika tarakimu moja inayoitwa *thamani ya mwisho*. Tarakimu hiyo mara nyingi hupatikana kwa kudhani kwamba fedha zitaendelea kukua kwa kiwango kilekile daima.

Kwa kawaida thamani ya mwisho huwa zaidi ya nusu ya jibu lote. Kwa hiyo ubora wa hesabu nzima hutegemea zaidi jinsi mkadiriaji alivyoushughulikia mwaka mmoja tu, yaani ule wa kwanza baada ya makadirio kuisha.

## Historia

Wazo la kwamba mali ina thamani ya mapato yake yajayo yaliyopunguzwa kwa riba lilifafanuliwa na mwanauchumi Irving Fisher wa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1938 John Burr Williams alilitumia kwa hisa katika kitabu chake *The Theory of Investment Value*. Mwaka 1956 Myron Gordon na Eli Shapiro walichapisha makala iliyoeneza kanuni ya ukuaji wa kudumu, na hadi leo kanuni hiyo huitwa kwa jina la Gordon. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Franco Modigliani na Merton Miller walionyesha kwamba thamani ya kampuni hutokana na shughuli zake, na kwamba namna ya kugawana mapato kati ya wakopeshaji na wenye hisa ni suala jingine. Kutokana na wazo hilo, wakadiriaji walizoea kuthamini kwanza kampuni nzima na kuondoa madeni baadaye.

## Mtiririko huru wa fedha

Mtiririko huru wa fedha wa kampuni ni fedha zinazobaki baada ya shughuli kulipiwa gharama zake, kodi na uwekezaji unaohitajika. Fedha hizo ni za wote waliotoa mtaji: benki, wenye hatifungani na wenye hisa. Kwa sababu hiyo riba haitolewi katika hesabu hii. Riba si gharama ya shughuli bali ni fungu la mmoja wa wagawanaji.

Hesabu huanza na faida ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi:

```
F = E × (1 − t) + D − M − W
```

Hapa *E* ni faida ya uendeshaji, *t* ni kiwango cha kodi ya mapato ya kampuni (nchini Tanzania na Kenya kiwango cha kawaida ni 30%), *D* ni uchakavu, *M* ni fedha zilizotumika kununua mitambo, majengo na magari, na *W* ni ongezeko la mtaji wa kuendeshea shughuli.

Uchakavu hurudishwa kwa sababu ulipunguza faida kwenye vitabu bila fedha yoyote kutoka mwaka huo. Fedha zenyewe zilitoka siku mtambo uliponunuliwa, na ununuzi wa namna hiyo huhesabiwa katika *M*. Mtaji wa kuendeshea shughuli ni mali iliyoko ghalani pamoja na madai kwa wateja, ukitoa madeni kwa wauzaji. Kampuni inayokua hujaza maghala na kuuza zaidi kwa mkopo, hivyo sehemu ya faida yake hukwama humo kabla ya kufika benki.

Ukichukua *M* na *W* kwa pamoja na kuondoa *D*, unapata uwekezaji mpya, yaani kiasi cha faida kinachorudishwa ndani ya biashara ili ikue. Basi kanuni ileile inaweza kusemwa kwa maneno machache: mtiririko huru ni faida ya uendeshaji baada ya kodi, ukitoa uwekezaji mpya.

## Kiwango cha punguzo

Shilingi ya mwakani ina thamani ndogo kuliko ya leo. Ikiwa watoa mtaji wanadai 16% kwa mwaka, basi shilingi 116 za mwakani ni sawa na shilingi 100 za leo, na ili kupata thamani ya leo fedha ya mwaka wa kwanza hugawanywa kwa 1.16, ya mwaka wa pili kwa 1.16 mara mbili, na kuendelea.

Kwa kuwa mtiririko huru ni wa watoa mtaji wote, kiwango cha punguzo nacho lazima kiwe wastani wa madai ya wote, kila mmoja kwa uzito wa fungu lake. Tuseme wenye hisa wanadai 20% na wametoa 60% ya mtaji. Benki inatoza 14% na imetoa 40%. Riba hupunguza kodi, kwa hiyo gharama halisi ya mkopo ni 14% mara 0.70, yaani 9.8%. Wastani wake ni:

```
k = 0.60 × 20% + 0.40 × 9.8% = 15.92%
```

Mambo mawili huchanganywa hapa mara kwa mara. La kwanza ni kuondoa riba katika mtiririko wa fedha na papo hapo kutumia wastani huu. Riba huwa imetozwa mara mbili. La pili ni kutumia kiwango wanachodai wenye hisa peke yao kupunguza fedha za wote. Kwa kuwa kiwango hicho ni cha juu kuliko wastani, kampuni huonekana ya bei ndogo kuliko ilivyo.

## Thamani ya mwisho

Tuseme makadirio yanaishia mwaka wa tano. Mtiririko wa mwaka wa sita ni *F*, na kuanzia hapo fedha hukua kwa kiwango *g* kila mwaka bila kikomo. Ukipunguza kila mwaka hadi mwishoni mwa mwaka wa tano, unapata mfululizo wa kijiometri: kila hisabu ni ile iliyotangulia mara (1 + g) gawanya kwa (1 + k). Jumla ya mfululizo huo usio na mwisho ni fupi:

```
T = F / (k − g)
```

Jumla hiyo ipo tu ikiwa *g* ni ndogo kuliko *k*. Zikiwa sawa, kila mwaka ungekuwa na thamani ileile ya leo na jumla isingefika mwisho. Hata kabla ya hapo, kadiri *g* inavyoikaribia *k*, kigawanyo kinakuwa kidogo na jibu linavimba haraka. Kwa mfano, *k* ikiwa 16%, kupandisha *g* kutoka 6% hadi 8% bila kugusa *F* huongeza *T* kwa robo, na kuipandisha hadi 10% huiongeza kwa theluthi mbili.

*T* ni thamani ya mwishoni mwa mwaka wa tano, si wa sita, ingawa *F* iliyo juu yake ni ya mwaka wa sita. Kwa hiyo hupunguzwa kwa miaka mitano. Anayeipunguza kwa miaka sita hupoteza mwaka mzima wa thamani.

### Mipaka ya kiwango cha ukuaji

Kampuni inayokua daima haraka kuliko uchumi wa nchi inamofanya kazi ingefika siku ikawa kubwa kuliko uchumi wenyewe. Kwa hiyo *g* haipaswi kuzidi ukuaji wa muda mrefu wa uchumi, na kwa makampuni mengi huwa chini yake.

Ukuaji huo lazima usomwe katika fedha ileile na kiwango cha punguzo. Ikiwa mfumuko wa bei ni 5% kwa mwaka, *g* ya 6% kwa shilingi ni ukuaji halisi wa chini kidogo ya 1%, basi si kiwango cha kutisha. Kwa upande mwingine, kosa kubwa hutokea pale mkadiriaji anapochukua kiwango cha punguzo cha dola, tuseme 11%, na kukitumia kwa fedha za shilingi zinazokua kwa 6%. Kigawanyo kinashuka kutoka 10% hadi 5%, na thamani ya mwisho inakuwa mara mbili bila kiwanda kuongeza hata mfuko mmoja wa bidhaa. Ama vyote viwe vya shilingi pamoja na mfumuko wake wa bei, ama vyote viwe vya dola.

### Ukuaji unalipiwa

Kampuni haikui bure. Ili faida iongezeke mwakani, lazima mwaka huu sehemu ya faida iwekezwe, na ongezeko linategemea uwekezaji huo unaleta faida gani. Kama kila shilingi 100 zinazowekezwa huongeza faida ya mwaka baada ya kodi kwa shilingi 16, kiwango cha faida ya uwekezaji mpya, *r*, ni 16%. Atakaye kukua kwa 6% kwa kiwango hicho lazima arudishe ndani ya biashara:

```
g / r = 6% / 16% = 37.5%
```

ya faida yake, na mtiririko huru ni ile 62.5% inayobaki. Ukiandika faida ya uendeshaji baada ya kodi ya mwaka wa sita kama *N*, kanuni ya thamani ya mwisho inakuwa:

```
T = N × (1 − g/r) / (k − g)
```

Katika umbo hili *g* inaonekana mara mbili. Chini inaongeza thamani, juu inaipunguza. Kanuni fupi ya kwanza huficha jambo hilo, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Umbo hili linaonyesha pia jambo ambalo huwashangaza wanaoanza. Ikiwa *r* ni sawa na *k*, basi *T* inakuwa *N* gawanya kwa *k*, na *g* inatoweka kabisa. Kampuni inayowekeza kwa faida ya 16% huku mtaji wake ukigharimu 16% haijiongezei thamani kwa kukua, iwe inakua kwa 2% au kwa 8%. Ukuaji huongeza thamani pale tu *r* inapoizidi *k*, na *r* ikiwa chini ya *k* ukuaji hula thamani.

## Mfano

Mfano huu ni wa kiwanda cha kubuni kinachokamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Tarakimu ni za milioni za shilingi.

Mwaka wa kwanza kiwanda kinatarajia faida ya uendeshaji ya 4,000. Baada ya kodi ya 30% inabaki 2,800. Uchakavu ni 1,000, ununuzi wa mitambo na magari ni 1,700, na mbegu za ghalani pamoja na madai kwa wateja vinahitaji 420 zaidi. Uwekezaji mpya basi ni 1,700 + 420 − 1,000 = 1,120, na mtiririko huru ni 2,800 − 1,120 = 1,680.

Kwa miaka mitano kila kitu kinatarajiwa kukua kwa 10% kwa mwaka. Kiwango cha punguzo ni 16%, baada ya kukaribisha kile cha 15.92% kilichohesabiwa hapo juu.

| Mwaka | Faida ya uendeshaji baada ya kodi | Uwekezaji mpya | Mtiririko huru | Thamani ya leo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 2,800 | 1,120 | 1,680 | 1,448 |
| 2 | 3,080 | 1,232 | 1,848 | 1,373 |
| 3 | 3,388 | 1,355 | 2,033 | 1,302 |
| 4 | 3,727 | 1,491 | 2,236 | 1,235 |
| 5 | 4,099 | 1,640 | 2,460 | 1,171 |

Jumla ya safu ya mwisho ni 6,530. Tofauti ndogo katika jedwali zinatokana na kukaribisha tarakimu.

Katika miaka hiyo kiwanda kinarudisha 40% ya faida na kukua kwa 10%, yaani uwekezaji wake mpya unaleta 25%. Faida nzuri kama hiyo huvuta washindani: mashine nyingine hufungwa jirani, bei ya mbegu hupanda na bei ya mafuta hushuka. Kwa hiyo mkadiriaji mwangalifu anadhani kwamba kuanzia mwaka wa sita uwekezaji mpya utaleta 16% tu, sawa na gharama ya mtaji, na ukuaji utashuka hadi 6%.

Faida ya mwaka wa sita ni 4,099 × 1.06 = 4,345. Kiwanda kinarudisha 37.5% yake, yaani 1,629, na mtiririko huru ni 2,716. Thamani ya mwisho ni 2,716 gawanya kwa 0.10, yaani 27,160. Ikipunguzwa kwa miaka mitano inakuwa 12,931 leo.

Thamani ya kampuni nzima ni 6,530 + 12,931 = 19,461, yaani takriban shilingi bilioni 19.5. Theluthi mbili ya kiasi hicho imetokana na thamani ya mwisho.

Kutoka hapo hadi bei ya hisa ni hatua fupi. Kiwanda kinadaiwa 7,800 na kina fedha taslimu 600, kwa hiyo deni halisi ni 7,200. Zinazobaki kwa wenye hisa ni 12,261. Kama kuna hisa milioni 10, kila moja ina thamani ya shilingi 1,226. Deni la 7,800 ni 40% ya 19,461, na hilo linalingana na uzito uliotumika kutafuta kiwango cha punguzo. Kama visingelingana, ingebidi kurudi nyuma na kurekebisha uzito huo.

### Kosa la mwaka wa sita

Tuseme sasa mkadiriaji mwingine anafanya hesabu ileile kwa jedwali la kompyuta. Kwa miaka mitano tarakimu zake ni zilezile. Alipofika mwaka wa sita alijiambia kwamba kiwanda kimekomaa, basi ununuzi wa mitambo utakuwa sawa na uchakavu na mtaji wa kuendeshea shughuli hautaongezeka. Dhana hiyo inaonekana ya tahadhari. Lakini aliacha *g* ibaki 6%.

Mtiririko wake wa mwaka wa sita ni faida yote, 4,345. Thamani yake ya mwisho ni 43,450, ambayo leo ni 20,687, na kampuni nzima inakuwa 27,217. Hiyo ni 40% zaidi ya jibu la kwanza. Kwa wenye hisa pengo ni kubwa zaidi, kwa sababu deni halibadiliki: zinabaki 20,017, yaani shilingi 2,002 kwa hisa badala ya 1,226. Mnunuzi anayeamini karatasi hiyo atalipa karibu shilingi 776 zaidi kwa kila hisa kwa ajili ya ukuaji ambao hakuna mtambo wala ghala la kuubeba.

Alichofanya ni kudai faida ikue daima bila kuwekeza hata shilingi moja ya ziada. Kama kweli kiwanda hakitawekeza zaidi ya kufidia uchakavu, ukuaji wake wa halali ni sifuri, na thamani ya mwisho ni 4,345 gawanya kwa 0.16, takriban 27,160. Jibu linarudi palepale pa mwanzo, kwa sababu *r* na *k* ziko sawa.

## Jinsi ya kutambua hesabu iliyoharibika

Msomaji anayepewa makadirio ya mtu mwingine hahitaji kurudia hesabu yote. Anaweza kuanza na mwaka wa sita na kuuliza ni sehemu gani ya faida imerudishwa ndani. Kisha agawanye *g* kwa sehemu hiyo ili apate *r* iliyofichwa. Ikiwa *g* ni 6% na iliyorudishwa ni 10% ya faida, basi *r* ni 60%: karatasi inadai kwamba kiwanda cha mafuta kitapata 60% kwa kila shilingi mpya, milele. Ikiwa hakuna kilichorudishwa, *r* haina kikomo.

Dalili ya pili ni ununuzi wa mitambo ulio mdogo kuliko uchakavu katika mwaka wa mwisho. Kwa mwaka mmoja au miwili hilo huwezekana, lakini katika kanuni ya umilele lina maana kwamba mitambo inaendelea kupungua huku uzalishaji ukiongezeka.

Dalili ya tatu ni kushuka ghafla kwa ukuaji bila uwekezaji kushuka nao. Kosa hili huelekea upande wa pili na huifanya kampuni ionekane ya bei ndogo. Anayechukua mtiririko wa mwaka wa tano, 2,460, na kuuongeza tu kwa 6% amebeba uwekezaji wa 40% uliokusudiwa kulipia ukuaji wa 10%. *r* iliyofichwa hapo ni 6 gawanya kwa 0.40, yaani 15%, chini ya gharama ya mtaji. Bila kujua, amesema kwamba kiwanda kitapoteza thamani kidogo kila mwaka kwa kukua.

## Kesi ya DFC Global

Hatari ya kiwango cha ukuaji wa kudumu ilionekana wazi mahakamani katika jimbo la Delaware, Marekani. Mwaka 2014 mfuko wa Lone Star ulinunua DFC Global, kampuni ya mikopo ya muda mfupi, kwa dola 9.50 kwa hisa. Baadhi ya wenye hisa waliona bei hiyo ni ndogo na wakaiomba mahakama ipange thamani ya haki.

Mwaka 2016 mahakama ya kwanza ilichukua wastani wa tarakimu tatu zenye uzito sawa: bei ya mauzo, dola 9.50, ulinganisho na makampuni mengine, dola 8.07, na hesabu ya mtiririko wa fedha, dola 13.07. Wastani ulikuwa dola 10.21. Kisha ikagundulika kwamba katika hesabu ya mtiririko kulikuwa na kosa la kuingiza tarakimu za mtaji wa kuendeshea shughuli, na kulisahihisha kungeshusha jibu. Mahakama ilisahihisha kosa hilo, lakini wakati huohuo ikapandisha kiwango cha ukuaji wa kudumu kutoka 3.1% hadi 4.0%. Uamuzi wa mwisho ukawa dola 10.30.

Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo hilo ilitengua uamuzi huo. Pamoja na sababu nyingine, ilisema kwamba hapakuwa na msingi katika ushahidi wa kuinua kiwango hicho. Tofauti ya 0.9 katika mia ilikuwa imetosha kufuta kabisa athari za marekebisho ya hesabu.

## Mahali njia hii isipofaa

Kanuni ya umilele haifai kwa mali yenye mwisho unaojulikana. Mgodi wa dhahabu huisha, na leseni au mkataba wa ujenzi huwa na tarehe. Huko kila mwaka hukadiriwa hadi wa mwisho, na badala ya thamani ya mwisho huwekwa gharama za kufunga na bei ya mabaki.

Kwa benki tatizo ni tofauti. Amana za wateja ni deni, lakini pia ni malighafi ya kazi yake, na riba ni gharama ya shughuli. Haiwezekani kutenga fedha za shughuli na fedha za wakopeshaji, kwa hiyo benki huthaminiwa moja kwa moja kwa upande wa wenye hisa.

Kampuni changa iliyo bado katika hasara inaweza kuthaminiwa kwa njia hii ikiwa miaka ya makadirio itaongezwa hadi ifikie hali ya kutulia. Ikikatishwa mapema, thamani ya mwisho inaweza kuwa zaidi ya jibu lote, kwa kuwa miaka iliyokadiriwa ina thamani hasi. Hapo karatasi haipimi tena kampuni iliyopo, bali dhana ya mkadiriaji kuhusu kampuni itakayokuwepo.